Wiki nne, tatizo moja: kujiandaa kwa usahili wa mhandisi wa ujifunzaji wa mashine

Barua pepe ya kuitwa kwenye usahili wa mhandisi wa ujifunzaji wa mashine huwa fupi: tarehe, kiungo cha mkutano wa video, na taarifa kwamba hatua zitakuwa tatu au nne. Mhitimu aliyeajiriwa, tuseme mchambuzi wa data katika benki moja jijini Dar es Salaam, akiipata Jumatatu, kufikia Jumanne usiku ameshajiandikisha kozi mbili za mitandao ya neva na amepakua orodha ndefu ya maswali ya kukariri. Mwezi ukiisha atakuwa ametazama video nyingi bila kuandika msimbo wake mwenyewe.

Muda wenyewe ni mdogo. Anayetoka kazini saa 11 jioni na kupambana na foleni ya Mbagala hawezi kukaa mezani kabla ya saa 2 usiku. Akipata saa moja na nusu kwa siku nne za wiki, na saa nne za Jumamosi asubuhi, hizo ni saa 10. Kwa wiki nne ni saa 40, yaani muda wa wiki moja tu ya kazi ya ofisini. Hazitoshi kujifunza fani nzima, lakini zinatosha kulijua tatizo moja hadi mwisho wake. Na tatizo moja lililoeleweka vizuri huweza kubeba karibu hatua zote za usahili huu: kuandika msimbo, misingi ya nadharia, usanifu wa mfumo, na mazungumzo kuhusu kazi ya nyuma. Mpango huu unamfaa anayejua Python tayari na aliyewahi kusoma takwimu. Anayeanza sifuri ahitaji miezi, si wiki.

Kwa mchambuzi wetu wa benki, tatizo zuri ni kutambua miamala ya kitapeli. Data ya wazi ipo kwenye tovuti ya Kaggle, katika faili liitwalo `creditcard.csv`: miamala 284,807 ya kadi za benki iliyofanywa na wateja wa Ulaya kwa siku mbili mwezi Septemba 2013, ambayo 492 kati yake ni ya kitapeli. Faili lina uzito wa megabaiti kama 150, kwa hiyo ni busara kulishusha mapema, kabla bando halijaisha. Safu zake nyingi zimefichwa maana ili kulinda siri za wateja, lakini `Time`, `Amount` na `Class` zinasomeka, na hizo zinatosha kuanzia.

Wiki ya kwanza ni ya mikono. Siku mbili zinakwenda kwenye maswali ya kawaida ya programu, yale ya kamusi za Python, kupanga orodha na kutafuta ndani ya maneno, kila moja kwa dakika 40 zilizopimwa kwa saa. Siku zilizobaki aandike urejeshi wa lojistiki kwa NumPy peke yake, bila maktaba ya kumfanyia kazi. Wasahili hupenda kuomba hiki kwa sababu ni kifupi na hakimfichi mtu. Kiini chake ni mistari hii mitano, inayorudiwa mara mia kadhaa:

```python
p = 1 / (1 + np.exp(-(X @ w + b)))
dw = X.T @ (p - y) / len(y)
db = (p - y).mean()
w -= lr * dw
b -= lr * db
```

Mstari wa kwanza unatoa uwezekano kwamba kila muamala ni wa kitapeli. Wa pili na wa tatu inapima modeli imekosea kwa kiasi gani na kuelekea wapi, na miwili ya mwisho inasogeza uzito kidogo kidogo kuelekea upande sahihi. Anayeweza kuyasema haya huku akiandika yuko mahali pazuri. Kosa linalowaangusha wengi hapa ni la umbo la data. Ikiwa `p` ina umbo `(1000,)` na `y` ikaachwa na umbo `(1000, 1)`, NumPy haitalalamika: `p - y` itageuka kuwa jedwali la 1,000 kwa 1,000. Mstari wa `db` utapita bila neno, kisha programu itagoma kwenye mstari wa `w`, ambao hauna hatia yoyote. Dawa ni kuchapisha `y.shape` kabla ya kuanza, na kumwambia msahili kwa nini unafanya hivyo.

Wiki ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huiruka ili wawahi mitandao ya neva. Ni wiki ya kujiuliza: nitajuaje kwamba modeli yangu ni nzuri?

Tuchukue miamala 100,000, ambayo 170 ni ya kitapeli, kiwango kinachokaribiana na kile cha faili letu. Modeli ya kivivu inayosema "salama" kwa kila muamala itakosea mara 170 tu, kwa hiyo usahihi wake ni asilimia 99.83. Haijamkamata tapeli hata mmoja. Sasa tuseme modeli ya mhitimu wetu imepiga kengele kwa miamala 400, na kati ya hiyo 136 ni utapeli kweli. Imekamata asilimia 80 ya utapeli wote, kipimo ambacho scikit-learn hukitoa kwa `recall_score`. Kati ya kengele zake, asilimia 34 ni za kweli, na hicho ndicho kinachotolewa na `precision_score`. Wateja 264 wasio na kosa wamesumbuliwa, na matapeli 34 wamepita. Ukijumlisha makosa yote unapata 298, usahihi wa asilimia 99.70. Modeli inayofanya kazi imepata alama ndogo kuliko ile isiyofanya lolote! Aliyeipiga hesabu hii kwa kalamu mwenyewe hatababaika akiulizwa kwa nini usahihi wa jumla haufai kwa data ya namna hii.

Msahili mzuri haishii hapo. Atauliza: kikosi cha benki kinaweza kuwapigia simu wateja 200 tu kwa siku, utafanyaje? Jibu ni kupandisha kizingiti cha kengele. Tuseme kwa kizingiti kipya kengele zimebaki 200 na 102 ni za kweli. Sasa zaidi ya nusu ya simu zina maana, lakini utapeli uliokamatwa umeshuka hadi asilimia 60. Hakuna fomula ya kuchagua kati ya hali hizi mbili. Inategemea simu moja inagharimu nini na muamala mmoja uliopita unagharimu nini, na mtu wa benki ana nafasi ya kulijibu hili vizuri kuliko mwanafunzi aliyetoka darasani jana.

Upande wa pili wa wiki hii ni kuvuja kwa data, yaani modeli kuona wakati wa mafunzo kitu ambacho isingekiona kazini. Kwa kuwa utapeli ni mchache, watu hunakili safu za utapeli ili ziongezeke, na hilo lenyewe si kosa. Kosa ni kunakili kwanza kisha ndipo ugawe data ya mafunzo na ya majaribio. Nakala za muamala uleule huangukia pande zote mbili, na modeli hutahiniwa kwa maswali iliyoyakariri. Dalili yake ni matokeo yanayokaribia asilimia 100 kwenye tatizo ambalo kila mtu analijua kuwa gumu. Gawanya kwanza, tena kwa muda: funza kwa siku ya kwanza, jaribu kwa siku ya pili. Safu ya `Time` inahesabu sekunde tangu muamala wa kwanza, hivyo kazi hiyo ni ya mstari mmoja.

Jioni moja ya wiki hii iende kwa miti ya maamuzi na XGBoost, na nyingine kwa transfoma, usanifu uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Kwa nafasi isiyohusu lugha wala picha, inatosha kueleza kwa dakika tatu utaratibu wa usikivu unafanya nini.

Wiki ya tatu mhitimu anaacha faili na kuingia kwenye mfumo. Mwaka 2015 D. Sculley na wenzake wa Google walionyesha katika makala yao kwamba msimbo wa modeli ni sehemu ndogo sana ya mfumo halisi, na kwamba kazi kubwa iko kwenye data, ufuatiliaji na mitambo inayoizunguka. Swali la usahili huja hivi: "Buni mfumo wa kuzuia utapeli kwenye huduma ya pesa kwa simu." Majibu dhaifu huanza na jina la modeli. Majibu yenye nguvu huanza na maswali: miamala mingapi kwa sekunde, uamuzi utoke ndani ya milisekunde ngapi baada ya mteja kuweka namba ya siri, na je, tunazuia muamala au tunaomba uthibitisho tu?

Baada ya hapo ndipo vije vigezo. Mteja ametuma mara ngapi ndani ya saa moja? Mpokeaji ni mpya kwake? Laini yake imebadilishwa jana? Hicho cha mwisho kila mtumiaji wa pesa za simu huku kwetu anajua kwa nini ni muhimu. Kuna mtego hapa: "mara ngapi ndani ya saa moja" ikipigwa hesabu kwa namna moja wakati wa mafunzo na kwa namna nyingine huduma ikiwa hewani, modeli itaharibika kimyakimya. Lebo nazo huchelewa, maana mteja anaweza kulalamika baada ya siku kadhaa, hivyo muamala wa leo usihesabiwe kuwa salama kwa sababu tu hakuna aliyelalamika bado. Na muamala uliozuiwa hautajulikana kamwe kama ulikuwa wa kitapeli, isipokuwa mtu aufuatilie. Mhitimu anayeyataja haya bila kuulizwa anasikika kama mtu aliyewahi kufanya kazi yenyewe.

Wiki ya nne ni ya mdomo. Asisome kitu kipya. Afanye usahili wa majaribio mara tatu na mwenzake wa kazi au rafiki, kwa Kiingereza ikiwa ndiyo lugha ya siku yenyewe, na ajirekodi kwa simu. Rekodi itamwonyesha mahali anapozunguka dakika tano bila kujibu. Aandae pia simulizi ya mradi mmoja wa kazini: tatizo, alichofanya yeye binafsi, namba kabla na baada, na kilichoharibika. Siri za mwajiri abaki nazo, kwani msahili anayemsikia akizitoa atajiuliza kesho atatoa za nani.

Mwisho wa wiki ya pili ndio wakati wa kujipima. Anayeshindwa kueleza, bila kuangalia daftari, kwa nini asilimia 99.83 ile haina thamani, amwandikie afisa wa ajira aombe tarehe isogezwe mbele wiki mbili. Ombi hilo likija mapema na kwa adabu, kampuni nyingi hulikubali.