Teolojia ya Ukombozi: Kutoka Chimbote hadi Jumuiya za Tanzania

Teolojia ya ukombozi ni tafakari ya imani ya Kikristo inayoanzia katika hali halisi ya maskini, na ilipata jina lake mwezi Julai 1968 katika mji wa Chimbote nchini Peru, pale padri Gustavo Gutiérrez, aliyezaliwa Lima mwaka 1928, alipotoa mhadhara mbele ya mapadri na walei juu ya uhusiano uliopo kati ya wokovu unaohubiriwa na Kanisa na ukombozi unaodaiwa na watu wanyonge. Wiki chache baadaye, maaskofu wa Amerika ya Kilatini walikutana Medellín, Kolombia, wakatamka kwamba umaskini wa bara lao haukuwa bahati mbaya bali ulitokana na mifumo ya kiuchumi na kijamii isiyo ya haki. Katika kitabu chake cha mwaka 1971, Gutiérrez alieleza ukombozi kwa ngazi tatu zisizotengana: kuwekwa huru kutoka katika mifumo ya ukandamizaji, kuwa na uwezo wa kujiamulia mustakabali katika historia, na kuokolewa na dhambi, ambayo kwake ndiyo mzizi wa dhuluma zote.

Mafundisho hayo yalienea zaidi kupitia jumuiya za msingi, yaani makundi madogo ya waumini waliosoma Biblia pamoja kwa utaratibu wa kuona, kupima na kutenda. Watu wa mtaa usio na maji, kwa mfano, walianza kwa kueleza nani anayateka, wapi na kwa gharama gani. Wakasoma habari za Waisraeli walioonewa Misri na kujiuliza Mungu anasema nini juu ya hali kama yao. Kisha wakapanga namna ya kuwaendea wenye mamlaka. Hatua ya kwanza ndiyo iliyozaa mgogoro, kwa sababu baadhi ya wanateolojia, walipotafuta chanzo cha umaskini, waliazima uchambuzi wa Karl Marx.

Vatikano ilijibu kwa waraka wa Idara ya Mafundisho ya Imani, uliotolewa Agosti 1984 chini ya Kardinali Joseph Ratzinger. Waraka huo haukukana kilio cha maskini, wala haukulaani teolojia ya ukombozi yote. Ulionya kwamba mtu hawezi kuchukua uchambuzi wa Marx na kuacha itikadi inayoambatana nao, na kwamba mapambano ya kitabaka yakifanywa ufunguo wa kusoma Injili, hata Kanisa lenyewe litagawanywa kati ya watawala na watawaliwa. Hofu hiyo inaeleweka vizuri katika shauri la Mfransisko wa Brazili, Leonardo Boff, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1981 aliandika kana kwamba viongozi wa Kanisa wamehodhi uzalishaji wa mambo matakatifu na kuwaacha waumini wakiwa watumiaji tu. Aliitwa Roma Septemba 1984, na mwaka uliofuata akaamriwa kunyamaza kwa muda. Mwaka 1986 ulikuja waraka wa pili wenye lugha ya upole zaidi, na Papa Yohane Paulo wa Pili akawaandikia maaskofu wa Brazili kwamba teolojia hiyo, ikibaki ndani ya mapokeo ya Kanisa, inafaa na tena inahitajika.

Tanzania iliyafikia mawazo yanayofanana na hayo kwa njia nyingine. Oktoba 1970, kabla kitabu cha Gutiérrez hakijatoka, Mwalimu Julius Nyerere, mwenyewe Mkatoliki, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kuiasi mifumo inayowafunga watu katika umaskini litapoteza maana kwao. Na ni shirika la uchapishaji la mapadri wa Maryknoll, ambao wamisionari wao walifanya kazi Musoma na Shinyanga, lililotoa kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1973. Mwaka huo huo maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliamua kujenga Kanisa juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, hizo ambazo leo huwakutanisha majirani nyumba kwa nyumba kusali na kusoma Neno.

Tofauti na zile za Amerika ya Kilatini ni kwamba jumuiya za Tanzania ziliasisiwa na maaskofu wenyewe, katika nchi ambayo serikali yake tayari ilikuwa imetangaza ujamaa, kwa hiyo hazikuwa na sababu kubwa ya kushindana na askofu wala na dola. Hilo liliziepusha na misukosuko ya Brazili, lakini pia liliziachia udhaifu unaostahili kusemwa wazi: nyingi husali, huchangishana na kuwatembelea wagonjwa kwa moyo wa kweli, ila mara nyingi hazifiki kwenye swali la kwa nini jirani yao ni maskini, na bila swali hilo jumuiya inabaki ya huruma, haijawa ya ukombozi.