Umri wa Dunia katika Kalenda ya Mwaka Mmoja
Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.54. Umri huo ukigawanywa kwa siku 365, siku moja huwakilisha miaka milioni 12.4, na sekunde moja miaka 144. Kwa kipimo hiki, dinosaria wa Tendaguru, walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, huangukia tarehe 19 Desemba. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.66, huangukia tarehe 31 Desemba, yapata saa kumi na moja jioni. Neno “kale”, litumikalo kwa yote mawili, huficha mwachano huo wa takriban siku 12. Hata hivyo, kalenda hii ina kikomo: karne nzima iliyopita haitimizi hata sekunde moja, hivyo haifai kupimia mabadiliko ya sasa.