Dadu Tatu na Faida ya Mwenye Meza

Ubao umechorwa vyumba sita, kila kimoja na namba yake, 1 hadi 6. Unaweka shilingi 100 kwenye namba uipendayo, mwenye meza anatikisa dadu tatu koponi na kuzimwaga. Namba yako ikitokea mara moja, unarudishiwa 100 yako na kuongezewa 100. Ikitokea mara mbili unaongezewa 200, mara tatu 300. Isipotokea, dau limeliwa. Mabaharia wa Kiingereza waliucheza miaka mingi kwa dadu zenye taji na nanga badala ya namba, na Wavietnamu huucheza sikukuu ya mwaka mpya wao kwa picha za kaa, samaki na jogoo.

Kwa mwalimu wa hesabu anayetafuta mradi wa uwezekano, sijaona mchezo mzuri kuliko huu, kwa sababu unadanganya bila mtu yeyote kudanganya. Mchezaji hujiambia hivi: dadu ina nyuso sita, dadu ziko tatu, basi nina nafasi tatu kati ya sita, yaani nusu kwa nusu. Juu yake kuna nyongeza za mara mbili na mara tatu. Mwenye meza atafilisika!

Kosa liko kwenye kujumlisha. Tuseme dadu moja ni nyekundu, ya pili bluu, ya tatu nyeupe. Kila moja ina matokeo 6, kwa hiyo zote kwa pamoja zina 6 × 6 × 6, yaani matokeo 216. Namba yako inakosekana kwenye kila dadu kwa njia 5, hivyo inakosekana kwenye zote tatu kwa njia 5 × 5 × 5, ambazo ni 125. Unabaki na njia 91 tu za kupata. Kati ya hizo, 75 zinakupa namba mara moja, 15 mara mbili, na 1 mara tatu. Chukua kila tokeo mara moja kwa dau la shilingi 100: utaongezewa 7,500, kisha 3,000, kisha 300, jumla 10,800. Utakuwa umeliwa 12,500. Pengo ni shilingi 1,700 kwa madau 216, karibu shilingi 8 katika kila 100.

Wanafunzi wakigawiwa maharage badala ya pesa na kuucheza mara 60 kila kikundi, mambo huwa vururu. Kwa wastani kikundi kitapoteza maharage matano hivi, lakini bahati peke yake inaweza kukisogeza tisa au kumi juu au chini, kwa hiyo vikundi kadhaa vitainuka na faida na kuapa kwamba mchezo ni mzuri. Hao hawajakosea kuhesabu. Majaribio yao ni machache. Kusanya matokeo ya vikundi 20, yaani mara 1,200, na hasara ya maharage kama 90 itaanza kujitokeza.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda zaidi. Waweke wachezaji sita, kila mmoja na namba yake, kila mmoja na dau la 100. Mezani pana 600. Dadu zikitoka tofauti, tuseme 2, 4 na 5, washindi watatu wanachukua 200 kila mmoja na mwenye meza habaki na kitu. Zikitoka 4, 4 na 1, wa namba 4 anachukua 300, wa namba 1 anachukua 200, na 100 inabaki. Zikitoka zote 4, mshindi anashangiliwa na 400 zake, huku 200 zikiingia mfukoni mwa mwenye meza. Kumbe ile nyongeza inayomtia mchezaji tamaa ndiyo mlango wa faida! Dadu hulingana, mbili au zote, katika matokeo 96 kati ya 216. Katika mirusho 36 tegemea kama 16, na hakuna hata mmoja unaomtia mwenye meza hasara.

Waulize basi wanafunzi malipo ya haki ni yapi. Jibu mojawapo ni kuacha mara moja ilipe 100, mara mbili ilipe 300 na mara tatu 500. Hapo njia 91 za kupata zinalipa 7,500, 4,500 na 500, jumla 12,500, sawasawa na kilicholiwa.

Karata tatu za stendi, ambazo Kenya huitwa pata potea, zisiingizwe kwenye mradi huu kama mfano wa bahati. Hata zingechezwa kwa uaminifu, kubahatisha karata moja kati ya tatu kwa malipo ya dau kwa dau kungekula theluthi ya pesa yako. Lakini pale mkono wa mchezeshaji ndio unaoamua karata iko wapi, na anayeshinda mbele yako mara nyingi ni mwenzake. Hesabu ya uwezekano haina kazi pale, pita zako.