Chuma kinapokula umeme

Mwaka 1949 Wassily Leontief wa Harvard aligawa uchumi wa Marekani katika sekta 500. Kompyuta ya Mark II ikalemewa, akazipunguza hadi 42. Sisi tuchukue mbili. Umeme wa shilingi 1 hutumia umeme wa senti 20 na chuma cha senti 10. Chuma cha shilingi 1, umeme wa senti 40 na chuma cha senti 20. Matumizi hayo ndiyo matriksi C. Wateja, d, wanataka chuma cha shilingi 60 tu.

x = (I − C)⁻¹d

Jibu: chuma cha shilingi 80, umeme wa 40. Umeme huo, ambao hakuna mteja aliyeuagiza, huishia viwandani: 32 kwenye chuma, 8 kwenye mitambo ya umeme yenyewe. Jibu likitoka hasi, basi viwanda vinakula kuliko vinavyozalisha.