Kikomo cha Bima ya Uzazi

Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii hulipia uzazi wa kawaida shilingi 10,000 na wa upasuaji shilingi 30,000. Hospitali nyingi za kibinafsi hutoza zaidi ya hapo, ndiyo maana familia nyingine hukata pia bima ya kampuni. Hapo ndipo mkataba unapohitaji kusomwa mstari kwa mstari.

Tuseme kikomo cha uzazi ni shilingi 100,000, na cha kulazwa ni milioni moja. Mama anapanga kujifungua kawaida. Wiki ya 35 presha inapanda, mkojo unaonyesha protini, kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Hizo ni dalili za hatari za kuelekea kifafa cha mimba, na daktari anaamua kumpasua usiku huohuo. Bili inafika 260,000. Mkataba ukihesabu matatizo ya mimba ndani ya kikomo cha uzazi, familia inabaki na deni la 160,000. Ukiyahesabu chini ya kulazwa, huenda isidaiwe kitu.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi huzua utata uleule. Mrija ukipasuka, mama huvuja damu tumboni na lazima apasuliwe haraka, ingawa hakuna mtoto anayezaliwa. Baadhi ya mikataba huulipia kama upasuaji mwingine wowote. Mingine huuita uzazi, tena baada ya muda wa kusubiri. Muulize wakala kabla ya kushika mimba, naye akujibu kwa maandishi.