Unyevu au Tundu: Geji ya Mikroni Inavyotofautisha

Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita moja ya zebaki. Shinikizo la hewa usawa wa bahari ni mikroni 760,000, na kwa kawaida fundi wa kiyoyozi cha nyumbani hafungulii gesi mpaka vakyumu ndani ya mabomba ishuke hadi mikroni 500 au chini yake. Geji ya kawaida ya kujazia gesi haifai hapa, kwa sababu mshale wake hulala mwisho wa kipimo iwe ndani zimebaki mikroni 5,000 au 300.

Geji ya mikroni hufungwa kwenye mfumo wenyewe, mbali na pampu. Ikiwekwa mdomoni mwa pampu husoma nguvu ya pampu, ilhali ndani ya mabomba hali bado mbaya. Kati ya pampu na mfumo panatakiwa valvu inayofunga barabara.

Kufika mikroni 500 peke yake hakuthibitishi kitu, maana pampu nzuri huweza kulizidi nguvu tundu dogo. Jibu hupatikana valvu ikifungwa na geji ikaangaliwa kwa dakika 10 hadi 15.

Tuseme kiyoyozi kinafungwa Dar es Salaam wakati wa masika, na mabomba yalilala wazi bila vifuniko. Pampu inashusha hadi mikroni 400, valvu inafungwa. Baada ya dakika 5 geji inasoma 1,300, baada ya 10 inasoma 1,600, na katika dakika ya 15 imesimama karibu na 1,650. Huo ni unyevu: maji yaliyobaki yanageuka mvuke, na shinikizo linatulia mvuke unapolingana na unyevu uliosalia. Kama lingekuwa tundu, hewa ya nje isingechoka kuingia. Namba zingepanda 1,300, 2,200, 3,100 na kuendelea bila dalili ya kutulia. Mwendo wa kupanda ndio unaosema, si ukubwa wa namba. Kwenye mfumo uliowahi kutumika, gesi inayotoka kwenye oili ya kompresa nayo hupanda kisha ikatulia, kwa hiyo hufanana na unyevu.

Kabla ya kulaumu nati za fleya, geji na mipira yake hujaribiwa peke yake, kwani mpira mkuukuu huvuja kuliko bomba. Tundu likithibitika, mfumo hujazwa naitrojeni kavu na viungo kupakwa povu la sabuni. Kuendelea kuvuta ni kupoteza umeme. Ikiwa ni unyevu, naitrojeni kavu huingizwa kuvunja vakyumu, huachwa ichanganyike na mvuke, kisha hutolewa na pampu kuwashwa tena. Jaribio hurudiwa mpaka namba itulie chini ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji.