Shilingi 54,000 Zilizopotea Karatasini

Katika vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya ufuta na korosho Pande na kwingineko wilayani Kilwa, pale mhasibu anapofunga mwaka kwa kalamu na karatasi, mkaguzi hukutana na majedwali mawili ambayo kwa kawaida hukaguliwa kila moja peke yake ilhali kosa la moja huweza kuhamia katika jingine. La kwanza ni usuluhisho wa benki, yaani ulinganisho wa salio la daftari la fedha na salio la taarifa ya benki. La pili ni jedwali la uchakavu, linalogawa gharama ya mali kwa miaka ya matumizi yake.

Ichukuliwe karatasi ya mfano ya tarehe 30 Juni, ambamo daftari linaonyesha shilingi 4,360,000 na benki 4,915,000. Kwenye salio la benki huongezwa 500,000 zilizopelekwa lakini hazijaingizwa, kisha hutolewa hundi za 1,130,000 ambazo waliolipwa hawajaziwasilisha, na kubaki 4,285,000. Kwenye daftari hutolewa makato ya benki ya 21,000, na kubaki 4,339,000. Tofauti ni 54,000, na hapo ndipo mwandishi mwenye haraka hujaza mstari wa “marekebisho mengineyo”, mstari ambao mkaguzi hana sababu ya kuukubali bila hati.

Kwa kuwa 54,000 hugawanyika kwa 9 bila baki, hushukiwa kwanza kwamba tarakimu mbili zimepishana, ingawa hiyo ni dalili tu wala si ushahidi. Mkaguzi huweka alama ya penseli kwenye kila malipo yanayolingana pande zote mbili, mpaka abaki na hundi ya msafirishaji: benki imelipa 382,000, daftari limeandika 328,000. Kibutu cha hundi, yaani kipande kinachobaki kitabuni, ndicho huamua nani amekosea. Kikisema 382,000, daftari hupunguzwa 54,000 na masalio hukutana.

Wengi huishia hapo, na ni mapema mno. Msafirishaji huyo alileta mizani iliyonunuliwa kwa 2,018,000, na gharama ya kuifikisha mali mahali pa kazi ni sehemu ya gharama ya mali yenyewe. Kwa hiyo jedwali la uchakavu, lililonakili daftari, limeandika 2,346,000 badala ya 2,400,000. Kwa njia ya mafungu sawa, kwa miaka 8 bila thamani ya mabaki, uchakavu sahihi ni 300,000 kwa mwaka, ilhali karatasi inasema 293,250.

Tena, ikiwa mizani ilianza kutumika tarehe 1 Aprili na mwaka wa hesabu umeanza Julai, kinachostahili ni miezi 3 tu, yaani 75,000, kama sera ya chama inahesabu kwa miezi. Kila tarakimu iliyokosewa, daftarini na jedwalini, husahihishwa kwa kukatwa mstari mmoja unaoacha ya zamani isomeke, iliyo sahihi ikaandikwa juu yake pamoja na saini fupi na tarehe.